Jino Moja, Sindano Tatu

Jino lenyewe halikusumbua. Lilikuwa gego la chini, limeoza hadi kwenye mzizi, na daktari wa meno alilitoa kwa dakika chache tu. Taabu ilianza jioni. Mgonjwa, mvuvi wa miaka 52, alitema mate mekundu akapuuza, maana nani hatoki damu akishang'olewa jino? Usiku wa manane akaamka mto umelowa. Kulipokucha damu ilikuwa bado inatoka. Haikuwa ya kumwagika, ilikuwa ya kuchuruzika, ile ambayo unabadilisha pamba na baada ya robo saa pamba mpya nayo imeloa. Siku ya pili dada yake akachoka kufua mashuka, akampeleka hospitali ya mkoa.

Mvuvi huyu nimemuunda kwa ajili ya makala hii, lakini hana lolote ambalo wauguzi wa wodi za tumbo hawajaliona mara nyingi.

Daktari wa zamu alimtazama mdomo, kisha akamtazama macho. Weupe wa macho ulikuwa umeingia unjano hafifu. Tumbo lilikuwa limejaa maji kiasi, vifundo vya miguu vimevimba, viganja vyekundu kuliko kawaida. Alipoulizwa, mvuvi alikumbuka kwamba miaka kadhaa nyuma alikwenda kuchangia damu akaambiwa ana homa ya ini aina ya B. Hakurudi kliniki. Pombe alikunywa, na si kidogo. Na kwa wiki nzima kabla ya kung'oa jino alikuwa akimeza diklofenaki za duka la dawa ili alale.

Majibu ya maabara yalikuja na namba tatu za kutia wasiwasi. Ya kwanza ni INR, kipimo cha muda ambao damu inachukua kuanza kuganda. Mtu mzima mwenye afya ana karibu 1, na kadiri namba inavyopanda ndivyo damu inavyochelewa. Yake ilikuwa 2.1. Ya pili ni idadi ya chembe sahani, vile vipande vidogo vya damu vinavyokimbilia kwenye kidonda kukiziba. Alikuwa nazo 58,000 kwa kila mikrolita, wakati kiwango cha kawaida kinaanzia 150,000. Ya tatu ni fibrinojeni, protini inayogeuka nyuzi na kulifunga donge la damu kama wavu. Kawaida ni gramu 2 hadi 4 kwa lita. Yake ilikuwa 1.2.

Daktari akaandika vitamini K, miligramu 10 kwa siku, kwa siku tatu, idungwe polepole kwenye mshipa. Siku ya nne INR ikapimwa tena: 1.7. Imeshuka, lakini haijafika 1. Na shimo la jino lilikuwa bado linavuja. Hapo dada mtu akauliza swali lenye haki yake: "Daktari, kaka yangu amechomwa sindano tatu za kugandisha damu. Mbona haigandi?"

Jibu lake linaanzia kwenye neno lenyewe. Vitamini K si dawa ya kugandisha damu. Haiingii kwenye donge wala haizibi tundu. Kazi yake iko ndani ya ini, na huko inafanya jambo moja tu.

Protini nyingi za kugandisha damu hutengenezwa na chembe za ini. Kwa desturi ya madaktari zimepewa namba badala ya majina. Nne kati yake, namba 2, 7, 9 na 10, zina tabia ya pekee: ini likishaziunda, bado hazifai kitu mpaka zifungwe vishikizo vya kushika kalsiamu, maana kwa kalsiamu hiyo ndipo zinaponata juu ya chembe sahani, mahali kazi inapofanyika. Fikiria karakana ya seremala anayetengeneza milango. Mlango usio na bawaba unaweza kuwa wa mninga safi, lakini hautasimama kwenye fremu. Vitamini K ndiyo bisibisi ya kufungia bawaba. Ikikosekana, karakana inaendelea kutoa milango, ila imelala sakafuni haina kazi.

Tulijua haya kwa sababu ya kuku. Mwaka 1929 mwanasayansi wa Denmaki, Henrik Dam, alikuwa akiwalisha vifaranga chakula kilichotolewa mafuta yote, akitaka kuchunguza jambo jingine kabisa. Vifaranga wakaanza kuvuja damu chini ya ngozi na ndani ya misuli. Mwaka 1935 aliipa ile kitu waliyoikosa jina la vitamini K, herufi iliyotoka kwenye neno la Kidenmaki na Kijerumani la kuganda, na baadaye akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 na Mmarekani Edward Doisy. Lililo muhimu kwetu ni yale mafuta. Vitamini K tunaipata kwa wingi kwenye mboga za majani kama mchicha, kisamvu na sukuma wiki, lakini inasafiri pamoja na mafuta, na utumbo hauwezi kuyafyonza mafuta vizuri pasipo nyongo. Nyongo hiyo inatoka kwenye ini.

Sasa mchukue mgonjwa wa kitanda cha jirani. Ni mwanamke ambaye kijiwe kimekwama kwenye mrija wa nyongo. Macho yake ni ya njano kama bizari, mkojo mweusi kama chai kavu, choo cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Naye INR yake ni 2.1, sawa kabisa na ya mvuvi. Lakini ini lake ni zima. Seremala yupo, mbao zipo, milango inatoka. Kilichopotea ni bisibisi, kwa kuwa nyongo haifiki kwenye utumbo. Ukimpa vitamini K ya vidonge atapata kidogo, maana mlango wa kuingilia ni uleule uliofungwa. Ukimpa ya sindano, ndani ya siku moja INR yake inaweza kushuka hadi 1.2. Huyo ndiye mgonjwa ambaye sifa zote za vitamini K zimetokana naye, na ndiye anayetufanya tudhani kwamba wote wenye macho ya njano watapona vivyo hivyo.

Kwa mvuvi hali ni tofauti. Miaka ya kirusi na pombe imeligeuza ini lake kuwa na makovu, hali inayoitwa sirosisi. Chembe zilizobaki ni chache na zimechoka. Mpe bisibisi mia, kama mafundi wamebaki wawili na milango ni mitano kwa siku, bawaba utakazofunga ni za milango mitano.

Hata hivyo INR yake ilishuka kutoka 2.1 hadi 1.7, na upungufu huo usidharauliwe. Alikuwa halili vizuri, nyongo yake ilikuwa haba, na jino lilipomvimbisha taya alipewa antibiotiki, ambazo huua bakteria wa utumbo wanaotengeneza sehemu ya vitamini K yetu. Kwa hiyo alikuwa na upungufu wa vitamini K juu ya ugonjwa wa ini. Sindano tatu ziliziba pengo hilo. Zilichokiacha, ile tofauti ya kutoka 1.7 hadi 1, ndicho kipimo cha ini lenyewe. Mimi naona hapa ndipo sindano hii ina thamani yake ya kweli kwa mgonjwa wa sirosisi: inaugawa upungufu mafungu mawili na kukuonyesha lipi ni la chakula na lipi ni la kiwanda. Baada ya siku tatu imeshasema yote iliyo nayo. Kuendelea kumdunga kila siku kwa wiki mbili, kama inavyotokea, ni kumuuliza swali lilelile mtu aliyekwisha kujibu.

Maabara kubwa zina njia ya haraka zaidi ya kuutambua mgawanyo huo, nayo ni kupima protini namba 5. Hiyo hutengenezwa na ini bila kuhitaji vitamini K hata kidogo. Kwa yule mwanamke mwenye kijiwe itakuwa ya kawaida. Kwa mvuvi itakuwa chini, na hakuna sindano ya vitamini itakayoipandisha.

Fibrinojeni nayo ni mlango usio na bawaba za namna hiyo. Hutengenezwa na ini, haina habari na vitamini K, na kwa kawaida ndiyo inayochelewa kushuka. Ini lililoanza kuugua huendelea kuitoa vizuri, hata kuizidisha, kwa sababu mwili huongeza fibrinojeni kila unapokuwa na uvimbe au maambukizi. Ndiyo maana ikishaonekana imeshuka kwa mgonjwa wa sirosisi, daktari mzoefu hukunja uso: ugonjwa umefika mbali, au damu imeanza kuganda na kuyeyuka ovyo mwilini. Tena namba peke yake haitoshi. Ini gonjwa huweza kutoa fibrinojeni yenye sukari nyingi kupita kiasi ubavuni mwake, nayo hushikana kwa uvivu. Nyuzi zipo, wavu haukazi.

Chembe sahani ndizo zinazowachanganya watu zaidi, kwa kuwa hazitengenezwi kwenye ini. Zinatengenezwa kwenye uboho, ndani ya mifupa. Basi ini linaingiaje? Linaingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya mabomba. Damu yote inayotoka kwenye utumbo na wengu hupita ndani ya ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Ini likijaa makovu, damu hiyo inakuta njia imebanwa, inarudi nyuma, na wengu unavimba. Wengu wa mtu mzima mwenye afya huwa umehifadhi karibu theluthi moja ya chembe sahani zote. Ukivimba sana unaweza kuzishika hadi tisa katika kila kumi. Hazijafa, zimefungiwa tu, na mashine ya maabara inahesabu zile zilizobaki barabarani. Njia ya pili ni ya amri. Homoni inayouambia uboho "tengeneza chembe sahani" hutoka kwenye ini kwa sehemu kubwa, kwa hiyo ini dhaifu linatoa amri kwa sauti ya chini. Ongeza pombe, ambayo huukandamiza uboho moja kwa moja. Ongeza diklofenaki, ambayo haipunguzi hesabu lakini inazilegeza chembe chache zilizopo, na kwa mwenye sirosisi inaweza kuziua figo. Wiki ile ya vidonge ilimponza mvuvi pengine kuliko koleo la daktari wa meno.

Ukiyaweka pamoja yote haya utadhani mtu wa namna hii akikwaruzwa tu atavuja hadi afe. Haiwi hivyo, na ilichukua muda mrefu watabibu kukubali kwamba haiwi hivyo. Sababu ni kwamba ini hilohilo hutengeneza pia protini za kuzuia damu isigande mno: antithrombini, protini C na protini S. Nazo hushuka. Wakati huohuo protini namba 8, ambayo haitengenezwi na zile chembe kuu za ini, hupanda, na gundi inayozinatisha chembe sahani kwenye ukuta wa mshipa huongezeka pia. Ni kama ngalawa iliyopunguzwa matengo ya pande zote mbili. Bado inaelea, na bado imenyooka. Ila imebaki nyembamba, na wimbi dogo linatosha kuilaza, iwe upande wa kuvuja au upande wa kuganda. Wagonjwa wa sirosisi hupata damu iliyoganda ndani ya mshipa mkuu wa ini hata INR yao ikiwa 2.

INR haioni upande wa pili wa ngalawa. Kipimo hiki kiliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1983 kwa ajili ya watu wanaotumia wofarini, dawa inayoinyang'anya karakana bisibisi yake na kuacha mengine kama yalivyo. Kinapima protini za kugandisha peke yake, na hasa namba 7, ambayo nusu yake huisha mwilini ndani ya saa 4 hadi 6 na hivyo huwa ya kwanza kupungua ini likilegea. Kwa hiyo INR ni kioo kizuri cha nguvu ya ini. Kwa kutabiri nani atavuja, si kizuri.

Hili lina matokeo kitandani. Daktari kijana akiona 1.7 imekataa kushuka, mkono unamuwasha aagize plazma, ile sehemu ya maji ya damu iliyochangwa, yenye protini zote. Kwa mwanamume wa kilo 60 dozi yake ni kama mililita 600 hadi 900. INR itasogea kidogo, na kwa kuwa namba 7 haidumu, kesho yake itakuwa imerudi ilipokuwa. Lakini ile karibu lita moja ya maji itabaki kwenye mishipa ambayo tayari imejaa na imebanwa kwenye ini, na shinikizo litapanda. Mwenye mishipa iliyovimba ndani ya umio unaweza kuipasua kwa kumpa dawa ya kumfanya asivuje.

Mishipa hiyo ya umio ndiyo inayowatapisha damu wagonjwa wa ini, na inafaa kuitenganisha na habari ya jino. Pande za Ziwa Viktoria wapo watu wanaotapika damu beseni zima na INR yao haijafika hata 1.4. Wana kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hujenga makovu kuzunguka mishipa inayoingia ini, damu inarudi nyuma, wengu unakuwa mkubwa hata kuupapasa chini ya kitovu, lakini chembe za ini zenyewe bado zinafanya kazi na protini zinatoka. Kinachowapasua ni shinikizo la bomba. Tiba yao ni kushusha shinikizo kwa dawa, kuifunga mishipa kwa mipira midogo kupitia kamera ya tumbo, na kutopewa damu kupita kiasi. Mwaka 2013 utafiti uliofanyika Barcelona kwa wagonjwa 921 waliotoka damu tumboni ulionyesha kwamba waliongezewa damu baada tu ya hemoglobini kushuka chini ya 7 waliishi zaidi kuliko walioongezewa mapema, ilipokuwa chini ya 9. Watu wengi wa ukoo wangewapigia kelele wauguzi: mgonjwa anatapika damu, nyinyi mnabania chupa!

Turudi kwa mvuvi. Shimo la jino si bomba lililopasuka. Ni kidonda kidogo kinachoganda na kuyeyuka, kwa sababu mate yana vitu vinavyoyeyusha donge la damu, na ini lake limeshindwa kuviondoa vinavyofanana navyo kwenye damu. Kwa hiyo aliyekuwa anahitajika ni daktari wa meno, pale pale kwenye kidonda. Aliosha shimo, akatoa donge lililolegea kama ini la kuku, akashona fizi nyuzi mbili. Kisha akatwanga kidonge kimoja cha asidi ya traneksamiki cha miligramu 500 katika mililita 10 za maji, akalowesha shashi, akamwambia aing'ate kwa nusu saa bila kuzungumza. Maji yaliyobaki ya kusukutua yakaandaliwa vivyo hivyo, mara nne kwa siku, asimeze chochote cha moto, asiteme teme. Dawa hii inazuia donge kuyeyushwa. Kwenye kinywa inasaidia sana. Kwa damu ya tumboni haisaidii: utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 12,000 uliotangazwa mwaka 2020 haukuona faida yake huko, na waliopewa walipata zaidi damu kuganda kwenye mishipa.

Chembe sahani hawakumwongezea, kwa sababu 58,000 inatosha kwa kazi ndogo ya namna ile. Fibrinojeni hawakuigusa pia. Ingekuwa imeshuka chini ya gramu 1 na damu haikatiki, wangeitafuta kwenye mazao ya damu yanayoibeba kwa wingi katika ujazo mdogo, kitu ambacho benki nyingi za damu za mikoani hazina. Kipimo chake chenyewe hakipo kila mahali. Pasipo nacho, baadhi ya waganga hutumia njia inayotumiwa kwa walioumwa na nyoka: mililita 2 za damu kwenye mrija safi wa kioo, unaachwa umesimama wima kwa dakika 20, kisha unainamishwa. Ikimwagika bado maji, fibrinojeni imekwisha kabisa. Lakini kwa aliye na 1.2 kama mvuvi wetu damu itaganda vizuri tu kwenye mrija, kwa hiyo njia hiyo inakukamatia maafa, upungufu wa kati inaupita.

Jioni ile shashi ilitoka na doa la waridi. Asubuhi ilitoka nyeupe. Muuguzi alifuta sindano ya nne ya vitamini K ambayo mtu alikuwa ameiandika usiku, akabandika barua ya kwenda kupimwa umio kwa kamera na nyingine ya kuanzishiwa dawa ya homa ya ini. Diklofenaki aliziacha kwenye droo ya kitanda, dada yake akazitupa. Kabla ya kuondoka alitolewa damu mara ya mwisho. INR ilikuwa 1.7.